Wiki moja kwenye kuta za Wasotho

Jumatatu, Johannesburg hadi Bethlehem

Mimi ni fundi mwashi, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni plasta. Dada yangu anayeishi Johannesburg alinitumia picha ya ukuta mmoja mwezi Juni, akaandika tu, "Hii wanafanya akina mama, na uma wa chakula." Nikaanza kudunduliza nauli.

Ukitua Johannesburg utadhani kusini mwa Afrika kuna mchoro mmoja tu wa nyumba, ule wa Wandebele. Uko kwenye mifuko, vikombe, kanga za watalii, hata kwenye gari: mwaka 1991 mama Esther Mahlangu aliipaka BMW nzima michoro ya kwao. Ni mizuri, yenye rangi kali zilizozungushiwa mistari mieusi, na inaonekana vizuri kwenye picha. Labda ndiyo sababu imesafiri kuliko jirani yake. Jirani huyo ni litema, mchoro wa ukutani wa Wasotho (Afrika Kusini huandikwa ditema, matamshi yaleyale), na mara nyingi haina rangi kabisa. Imechimbwa kwenye tope la ukuta wenyewe, na ukiipiga picha saa isiyo yake unaambulia ukuta wa udongo tu.

Kutoka Johannesburg hadi Bethlehem, jimbo la Free State, ni kama kilomita 240. Kombi haiondoki mpaka ijae, kama kwetu. Nchi ni tambarare, nyasi zimekauka rangi ya simba, na baridi ya Agosti inapenya sweta mbili. Nilifika jioni, nikalala na soksi.

Jumanne, Golden Gate

Kati ya mji wa Clarens na Phuthaditjhaba barabara inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Golden Gate, na humo kuna Kijiji cha Utamaduni cha Wasotho. Ni makumbusho ya wazi: nyumba zimejengwa kwa mfuatano wa nyakati, kuanzia za msonge za zamani hadi zile za pembe nne zenye bati. Kwangu ilikuwa namna ya haraka ya kuona jinsi ukuta ulivyobadilika. Msonge una ukuta wa duara, kwa hiyo mchoro unazunguka bila mwanzo wala mwisho. Nyumba ya pembe nne ina kingo, na kingo ndizo zinazomsumbua mchoraji, kama nilivyokuja kuona siku mbili baadaye.

Kijana aliyetutembeza alieleza kwa ufupi kwa nini Wasotho wako pande mbili za mpaka wa Afrika Kusini na Lesotho. Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza aliwakusanya watu waliotawanywa na vita, na mwaka 1824 akahamia juu ya mlima wa Thaba Bosiu. Baadaye Makaburu wa Free State walipigana naye mara kadhaa, na kufikia 1868, Waingereza walipoifanya Lesotho kuwa nchi chini ya ulinzi wao, ardhi nzuri ya magharibi mwa mto Mohokare ilikuwa imeshakwenda. Watu wengi walibaki hukohuko kama vibarua na wapangaji kwenye mashamba yaliyokuwa ya babu zao. Nyumba walizoruhusiwa kujenga shambani zilikuwa za udongo, na hazikuwa zao kisheria. Kuta za nje tu ndizo ambazo hakuna aliyewapangia.

Michoro ya pale kijijini ni safi mno kwa macho yangu. Nilitaka kuona mtu akiwa na tope mpaka kwenye viwiko.

Jumatano, karibu na Fouriesburg

Mfanyakazi mwenza wa dada yangu ana shangazi anayeishi shambani, nje ya Fouriesburg. Huyu ndiye nitakayemwita 'M'e, kwa sababu ndivyo kila mtu alivyomwita: mama. Ni mwanamke wa makamo ya juu, mfupi, anayeongea huku akifanya kazi. Yeye na binti yake wanasema Kisotho, binti ananigeuzia kwa Kiingereza, na mimi nayaandika kwa Kiswahili.

Litema hufanywa hasa mwanzo wa majira ya kuchipua, kabla ya mvua, na tena ikitokea harusi, Pasaka au Krismasi. 'M'e alikuwa amepanga kusiriba ukuta wa mbele, wenye mlango mmoja na dirisha moja. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, akacheka, akanionyesha rundo la udongo. "Basi sema, huu unafaa?"

Ulikuwa udongo wa kichuguu, uliopondwa. Mchwa wameshauchekecha, ni laini na unashika. Nikaukoroga kidogo na maji kiganjani, nikaufinya na kuuviringisha uwe kama kamba. Ulikunjika bila kukatika, na hapo nikahisi tatizo lake: udongo unaokunjika vizuri hivyo, ukikauka ukutani, huvutana na kupasuka. Nikasema utapasuka. 'M'e akatikisa kichwa kukubali, akaelekeza zizini.

Dawa yake ni samadi mbichi ya ng'ombe. Kwa ndoo mbili za udongo alitia moja ya samadi, akaongeza mchanga wa mtoni makonzi kadhaa, akakanyaga mchanganyiko kwa miguu huku binti akinyunyizia maji. Zile nyuzinyuzi za nyasi zilizosagwa na tumbo la ng'ombe hushika tope lisipasuke. Samadi ikizidi, ukuta unakuwa laini na mifuo inayochorwa kwa uma haisimami. Ikipungua, nyufa zinakuja siku ya pili. Mchanga ukizidi, utajua kwa kiganja: unapousugua ukuta mkavu, unga unabaki mkononi.

Asubuhi yote ilikwenda kwenye kazi isiyo na sifa. Tulibandua plasta ya mwaka jana iliyoachana na ukuta, tukiigonga kwa vifundo vya vidole na kusikiliza: palipoitika utupu, tukabomoa. Tukafagia vumbi, tukalowesha ukuta mpaka ukaacha kunywa. Fundi wa saruji angefanya hivyohivyo, maana ukuta mkavu hunyonya maji ya plasta na kuiacha bila mshiko. Kisha tabaka la kwanza, nene kama nusu kidole, likapakwa kwa mkono mtupu. Hana mwiko wala pima maji. Kiganja kinapita kwa upinde, kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, na kila upinde unaukanyaga mwenzake kidogo.

Nikaomba nisaidie, nikapewa kona ya nyuma, mahali ambapo wageni hawapiti.

Alhamisi, shambani

Leo ndiyo siku yenyewe. Tabaka la pili ni jembamba na limechekechwa. 'M'e hakulipaka ukutani kote kwa mara moja, alipaka kipande cha upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, akasubiri. Kila baada ya muda alibonyeza kidole gumba. Gumba likitoka na tope, bado. Likiacha alama na kutoka safi, kazi inaanza. Likiacha alama hafifu tu, umechelewa, na uma utang'oa vipande pembeni mwa mfuo badala ya kuukata. Kwa jua la Agosti na upepo ule, muda wa kufaa ulikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, pengine nusu saa. Ndiyo maana alianzia upande uliokuwa bado kivulini, na kivuli kilipohama naye alihama.

Vifaa vyake vyote ni kijiti kilichochongwa, uma wa mezani wenye meno manne na kopo la maji. Kwa kijiti aligawanya kipande kuwa miraba, akipima kwa shubiri: kila mraba shubiri mbili. Hakutumia uzi. Nilipoweka kamba yangu kimyakimya baadaye, mistari yake ilikuwa imepinda kidogo kwenda juu, lakini yote ilipinda pamoja, kwa hiyo jicho haliulizi.

Sasa kuhusu mchoro wenyewe, nitaeleza polepole kwa sababu hapa ndipo akili yote ilipo.

Chukua mraba mmoja. Pitisha mstari wa mshazari kutoka kona hadi kona, ubaki na pembetatu mbili. Pembetatu moja ijaze mifuo ya uma inayolala, nyingine mifuo inayosimama. Basi, ni hivyo tu, mtoto anaweza. Mraba wa pili, ulio kuliani, unachorwa kama taswira ya wa kwanza kwenye kioo. Miwili ya chini ni kioo cha miwili ya juu. Ukimaliza minne, zile pembetatu za mifuo inayolala zimekutana katikati na kuwa almasi moja kubwa. Pembetatu za mifuo inayosimama zimebaki kwenye kona nne, kila moja peke yake.

Lakini endelea na kundi jingine la miraba minne pembeni, na jingine chini yake. Zile pembetatu za pembeni, zilizoonekana kama mabaki, zinakutana na za majirani na kuwa almasi nyingine, ya ukubwa uleule, yenye mifuo inayosimama. Ukuta ukijaa huwezi tena kusema ipi ndiyo picha na ipi ni nafasi iliyobaki. Nilisimama pale kama mtu aliyelipwa deni asilolitarajia.

'M'e alipoona nimeelewa, akanionyesha kwa kijiti chini ardhini namna ya pili. Mraba uleule, ila badala ya kuugeuza kama kioo, unauzungusha robo mzunguko kila hatua. Almasi bado inatokea, lakini sasa robo zake zinapishana: moja imelala, inayofuata imesimama. Ile ya kwanza inatulia, hii inazunguka. Chanzo ni mraba mmoja na uamuzi mmoja tu, kugeuza au kuzungusha, na kutoka hapo kuta mbili zisizofanana kabisa. Wanawake wengine huweka mkunjo wa jani badala ya mshazari, wengine vidoti vya mbegu, lakini wengi hupitia njia hii ya miraba minne.

Hakuna mahali pameandikwa. Anao kichwani mraba mmoja na kanuni yake. Ukuta mzima unatoka humo.

Nilimuuliza mifuo ni nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. "Shamba," akasema, "lililolimwa." Wanaume walilima kule, akaonyesha bonde, na wanawake wakalima hapa.

Halafu kingo. Alianzia kwenye fremu ya mlango, kwa sababu ndipo macho ya mgeni yanapotua, akaenda kuelekea kona ya nyumba. Alipofika safu ya mwisho, nafasi iliyobaki haikutosha mraba kamili. Mimi ningekata mraba, kama tunavyokata vigae. Yeye alirudi nyuma safu tatu zilizokuwa bado na mistari tu, akaifuta kwa kiganja kilicholowa, akaigawanya upya ikawa myembamba kidogo yote. "Ukikata," binti akatafsiri, "almasi inabaki nusu, na kesho watu watasema mama yule hakujua nyumba yake inaishia wapi." Juu ya dirisha alifanya hivyohivyo, ila huko aliwahi mapema.

Ijumaa, shambani bado

Niliamka kabla ya jua ili nione ukuta ukipata mwanga wa kwanza. Nyumba inatazama kaskazini, na huku chini jua hupita upande wa kaskazini mwaka mzima. Asubuhi lilikuja kutoka ubavuni, mashariki, likapita juu ya ukuta kwa kulala. Mifuo inayosimama ikajaa vivuli, na almasi zake zikawa nyeusi; zile za kulala zikabaki nyepesi. Mchana jua likawa mbele na juu, na mambo yakageuka: mifuo inayolala ndiyo ikashika vivuli, almasi zake zikawa nyeusi. Jioni yakarudi tena ya asubuhi. Hakuna tone la rangi pale. Sasa nikaelewa kwa nini ile picha ya dada ilikuwa nzuri na nyingine nilizoziona mtandaoni zilikuwa butu: saa ya kupiga ilikuwa tofauti.

Rangi huja kwenye ukingo wa mlango na dirisha, na ukanda wa chini. Nyekundu ni udongo wa chuma, letsoku, unaosagwa na kukorogwa na maji. Ni uleule ambao wasichana hupakwa wanapoingizwa utu uzima, na 'M'e hakutaka kulizungumza sana hilo mbele ya mjukuu wake wa kiume. Nyeupe ni udongo mweupe, nyeusi ni masizi. Rangi za dukani anazijua na hazichukii. Anachosema ni kwamba zinajifunga juu ya udongo kama ngozi, unyevu wa ukuta ukikosa pa kutokea, rangi inabanduka na kuondoka na plasta. Hilo naweza kulithibitisha kwa kazi yangu mwenyewe, nimeliona kwenye nyumba nyingi za tofali za udongo zilizopakwa rangi ya mafuta.

Mvua za Oktoba zitaanza kuufuta mchoro huu, kidogokidogo, kuanzia chini ambako matone yanaruka. Nilimuuliza kama hilo halimuumizi. Akasema mvua ikija ina maana wazee waliokwisha kufa wameuona ukuta na kujibu. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba bila hivyo binti yake angejifunza lini?

Hapo binti alicheka kidogo. Familia inasubiri nyumba ya serikali mjini, kwenye kitongoji cha Mashaeng. Ni ya matofali ya saruji. Wengi waliokuwa mashambani wamekwisha kuhamia huko, wengine kwa hiari, wengine kwa kufukuzwa.

Jumamosi, Butha-Buthe

Tulivuka mpaka wa Caledonspoort kwa miguu, tukapata gari la kwenda Butha-Buthe upande wa Lesotho. Binti alinisindikiza kwa sababu ana mama mkubwa huko, anayejenga. Nilitaka kuona litema inakuwaje ukuta ukiwa wa saruji, na nilikuwa na shaka zangu.

Shaka hazikuwa bure. Tope ni kazi ya wanawake. Saruji ni kazi ya fundi, na fundi huyo karibu kila mara ni mwanamume anayelipwa kwa siku. Anakuja na mwiko, anapiga, anasugua mpaka ukuta uwe kama kioo, anachukua hela, anaondoka. Ile nusu saa ambayo ukuta unakubali kuandikwa imepita mikononi mwake, na yeye hana habari nayo. Watu husema ujuzi unapotea kwa sababu wasichana wana simu. Mimi nadhani kwanza tumwangalie mwenye mwiko, na nalisema hili nikiwa mwenye mwiko.

Mama mkubwa alikuwa analipigania hilo siku ileile. Alikuwa na makarai mawili ya kokoto za mtoni: moja nyeusi, moja nyeupe, zote zimechambuliwa zilingane na punje ya mahindi. Kubandika kokoto kwenye plasta si jambo jipya Lesotho, lilifanywa kwenye tope pia. Alitaka fundi apige plasta kipande cha pembeni mwa mlango tu, aache bila kusugua, ampe nafasi. Fundi alikuwa mkali: saruji haisubiri mtu, na ikianza kushika akibonyeza kokoto atapasua plasta, halafu lawama ni za nani?

Alikuwa na hoja. Walikuwa wamejaribu asubuhi, na nusu ya kokoto zilikaa juujuu; nilizigusa kwa ukucha, zikadondoka. Hapo saruji ilikuwa imeanza kushika kabla hazijazama. Zilizozama zaidi ya nusu yake hazikutikisika.

Nikaomba ruhusa ya kuingilia, fundi kwa fundi. Mchanganyiko wake ulikuwa saruji na mchanga tu. Nikapendekeza kwa kile kipande apunguze saruji kidogo na kutia chokaa ya kujengea: chokaa hushikilia maji, plasta inabaki laini muda mrefu zaidi. Ukuta uloweshwe vizuri kwanza, na gunia lenye maji litundikwe juu kuzuia jua. Mama mkubwa yeye achore miraba yake kwa msumari mara tu plasta inapobeba gumba, na aanze na kokoto nyeusi zote, bila kuhamahama kati ya makarai.

Fundi alifikiri, akauliza nani analipa chokaa. Mama mkubwa akalipa.

Walipiga kipande baada ya chakula cha mchana. Yeye na binti walibandika kwa viganja viwili, wakigandamiza kila kokoto kwa kipande cha ubao mpaka ikalingana na plasta. Miraba minne, nyeusi ndani, nyeupe nje, kioo juu ya kioo. Walipofika kundi la tatu binti akasita, hajui pembetatu ya kona iende rangi gani. Mama mkubwa hakumjibu. Alimvuta nyuma hatua tano, wakatazama wote wawili, binti akarudi na konzi ya nyeupe.

Saa kumi na moja plasta ilikuwa imekaza. Fundi alipita na ufagio laini, akasafisha nyuso za kokoto, akagonga tatu nne kwa mpini wa mwiko. Hazikutoka. Kisha akamwambia mama mkubwa kwamba upande wa pili wa mlango atampigia Jumatatu kwa bei ileile, ila kwa kusubiri aongezewe nusu siku. Wakaanza kupatana upya, na mimi nikaenda kutafuta gari la kurudi kabla mpaka haujafungwa.